Mshono wa padi ulivyonionyesha kuwa hedifoni zangu ni feki

Nianze na kitu ambacho watu wengi hawapendi kukisikia: hedifoni zangu feki zilikuwa zinapiga vizuri tu. Besi ipo, sauti ya mwimbaji iko mbele, hakuna mkwaruzo. Ningekuwa nazihukumu kwa masikio peke yake ningekaa nazo miaka mitano nikiwa na amani kabisa, maana sikio linazoea haraka sana, ukisikiliza kitu wiki mbili basi hicho ndo kinakuwa kipimo chako cha uzuri. Kilichonifanya nishtuke ni kitu kidogo cha kijinga. Nilizivua usiku nikaziweka mezani, taa ikawa inamulika padi ya kushoto kwa ubavu, nikaona mshono unapinda kama mtu aliyeshona huku anaangalia kwingine.

Ni zile za kufunika sikio zima, za waya, modeli ya studio inayojulikana sana na kwa sababu hiyo hiyo inakopiwa sana. Jina silitaji, maana nikilitaja mtu atachukua namba zangu akazipachika kwenye modeli yake, na kila modeli ina mambo yake. Bahati nzuri jamaa yangu mmoja anazo modeli ile ile, alinunua miaka sita iliyopita kwa wakala wa kampuni yenyewe, risiti anayo, boksi analo (huyu ni mtu wa kutunza maboksi, usimuulize kwa nini). Nikamwambia njoo nazo na kila kitu chake, tuziweke pamoja mezani.

Tulianza na boksi, na hapo nikaharibu mwanzo kabisa. Boksi langu lilikuwa jeusi zaidi kuliko lake, picha ya hedifoni imegeuka upande mwingine, na nyuma kuna lugha zaidi ya zile zilizokuwa kwake. Nikasema basi, kesi imeisha, feki hiyo. Jamaa akacheka, akafungua ukurasa wa kampuni, na kumbe boksi jipya ndivyo lilivyo kweli, walibadilisha dizaini tangu yeye anunue. Yaani kopi yangu ilikuwa imekopi boksi la sasa, na boksi lake orijino ndo lilikuwa la zamani. Kwa hiyo ule mtindo wa kuweka maboksi mawili pamoja na kutafuta tofauti unaweza kukupeleka pabaya, kampuni zinabadilisha maboksi, zinahamisha viwanda, zinaongeza lugha na alama za masoko mapya, na tofauti ya namna hiyo haikwambii chochote mpaka ujue ni matoleo gani mawili unayalinganisha. Msimbo wa milia nao usikupe faraja, wangu ulikuwa sahihi kabisa namba kwa namba, kwani mtu anayekopi boksi zima ataachaje kukopi na milia?

Kitu ambacho kopi inashindwa kukificha ni jinsi wino ulivyokaa kwenye karatasi. Chukua kioo cha kukuza, au tumia kamera ya simu ile ya kupiga vitu vya karibu sana, halafu usiangalie picha kubwa ya mbele, angalia maandishi madogo kuliko yote, yale ya onyo na anwani upande wa chini. Kwenye boksi la jamaa herufi nyeusi zilikuwa za wino mmoja tu mweusi, ukingo wake mkali kama umekatwa na wembe, na rangi ya logo ilikuwa imejaa bila kidoti hata kimoja, maana waliichapa kwa wino wake maalumu. Kwangu mimi herufi zile zile zilikuwa na kama ukungu pembeni, na ukizumu zaidi unaona vidoti vya bluu, pinki na njano vimezunguka kila herufi, na logo nayo ni vidoti vitupu vilivyopangwa vikafanana na rangi kwa mbali.

Sababu yake ni rahisi. Mwenye chapa ana faili la asili, herufi zake ni herufi, anaziagiza zichapwe kwa wino mweusi peke yake. Mkopi hana hilo faili, ana boksi, kwa hiyo analiskani boksi zima kama picha, na printa haijui tena kwamba hii ni herufi na hii ni picha, inavunja kila kitu kuwa vidoti vya rangi nne. Ile picha ya hedifoni ndo inateseka zaidi, kwa sababu yenyewe ilikuwa na vidoti vyake tangu mwanzo, sasa vinapandiwa na vidoti vipya, na kwenye sehemu ya kijivu unaona mawimbi mawimbi kama kitambaa cha hariri. Nikaliona hilo wimbi kwenye mkanda wa kichwa pichani, hapo moyo ukaanza kushuka. Ila usiitumie hii kwenye stika ya siriali namba, ile inachapwa mwisho kwa mashine ndogo ya joto, na hata kwenye orijino herufi zake zina ngazi ngazi.

Siriali yenyewe niliipitia haraka. Ya boksi na ya kwenye hedifoni zilifanana, vizuri. Halafu nikaitafuta onlaini ile namba kamili na nikaikuta kwenye picha ya mtu mwingine anayeuza zake, namba ile ile mpaka tarakimu ya mwisho. Siriali ni ya hedifoni moja tu, sasa moja kati ya zetu ilikuwa inasema uongo, na sikuwa na matumaini makubwa kwamba ni ya yule.

Tukaja kwenye padi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo huhitaji bisibisi wala kupoteza haki ya kurudisha mzigo. Padi ya aina hii inashonwa ikiwa ndani nje: kuna kipande cha uso kinachogusa shavu, kuna ukuta wa nje, kuna ukuta wa ndani unaozunguka sikio, vinaunganishwa kwa cherehani halafu vinageuzwa, sponji inaingizwa, na nyuma kunabaki mdomo mwembamba unaovutika unaoshika kwenye kikombe. Ukiigeuza padi ukaifungua ule mdomo kwa vidole unaona mshono wenyewe na pindo lililobaki, na pale hakuna aliyejisumbua kupapamba kwa ajili ya mteja.

Nikachukua rula na kalamu nikahesabu sindano, yaani hatua za mshono. Kabla sijakwambia namba, lazima nikwambie kilichotokea. Nilihesabu za jamaa kwanza, nikakuta mshono wake mbovu kuliko wangu! Sindano zimeachana, uzi unaning'inia. Tukatazamana. Nikamuuliza, "We kaka, una uhakika na hizi hedifoni zako?" Akakuna kichwa, halafu akakumbuka: padi za kiwandani zilimenyeka ngozi miaka miwili iliyopita, akaagiza zingine za bei rahisi akabadilisha. Kwa hiyo hedifoni halali, padi za mtaani. Hii nimeiona baadaye mara nyingi watu wakituma picha ya padi ya hedifoni iliyotumika wanauliza kama ni feki, na watu wanajibu feki feki, wakati padi ni kama tairi la gari, linabadilishwa, halikwambii gari lilitoka wapi. Mshono mbovu kwenye mzigo mpya ambao haujawahi kuguswa, hiyo ni ushahidi. Kwenye uliotumika ni swali tu.

Ila si nilisema huyu ni mtu wa kutunza? Padi za zamani zilikuwa ndani ya boksi, kwenye mfuko wa plastiki, ngozi imebanduka kama maganda lakini mshono wake mzima kabisa. Ndo tukalinganisha na hizo. Kwenye padi ya kiwandani nilikuta sindano 8 ndani ya sentimita 2, nikapima sehemu ya mnyoofu nikapata 8, nikapima kwenye kona ya kuzunguka nikapata 8, upande wa pili 8. Kwangu kwenye mnyoofu zilikuwa 7, kwenye kona zikawa 5, na matundu ya sindano pale konani yamevutika yakawa marefu kama macho ya mtu anayesinzia. Maelezo yake ni kwamba kipande cha duara ni kigumu kushona, kitambaa kinataka kwenda mnyoofu, kiwanda chenye fomu ya kushikilia kipande kinapata hatua sawa mzunguko mzima, lakini mtu anayesukuma kwa mkono na analipwa kwa idadi anavuta kitambaa konani ili amalize, na kila akivuta hatua inarefuka.

Halafu tafuta mahali mshono unapoanza na kuishia, maana kila duara lina mahali pa kufungia. Kwenye padi ya kiwandani mshono ulipanda juu ya wenyewe kama sentimita moja hivi, nyuzi zikakatwa karibu, na sehemu hiyo ilikuwa chini ya padi, kushoto na kulia mahali pale pale. Kwangu padi ya kushoto imefungiwa mbele karibu na shavu, ya kulia imefungiwa nyuma, na uzi haukukatwa kwa mkasi, ulichomwa na kiberiti, umebaki kidonge kidogo cheusi kigumu. Ukipitisha kidole unakisikia. Kile kidonge ndo kilikuwa kinanikuna shavuni wiki nzima na nilikuwa nadhani ni ndevu.

Pindo nalo liangalie. Kwangu upande mmoja lilikuwa na upana wa kama milimita 5, upande wa pili 2, na ndo maana uso wa padi ulikuwa na mikunjo inayokimbilia katikati. Mikunjo hiyo unaiona hata kwenye picha ya muuzaji kabla hujanunua, kama amekubali kupiga picha ya ubavuni yenye mwanga wa kutoka pembeni. Picha ya mbele na flashi inafuta kila kitu, kama una nafasi ya kuomba picha moja tu, omba ya ubavuni.

Hadi hapo nilikuwa sijafungua skrubu hata moja, na nilifanya hivyo makusudi. Nikapiga picha zote za boksi na padi kwanza, nikazituma kwa muuzaji, nikasubiri. Akajibu kwamba hizo ni za "soko lingine". Nikamuuliza soko lipi lenye siriali namba moja kwa watu wawili, akakaa kimya siku tatu. Siku ya nne nikachukua bisibisi, kwa sababu nilishajua mzigo haurudi.

Chini ya padi kuna bamba la plastiki lenye skrubu nne, ukizitoa bamba linainuka pamoja na spika yake. Inua taratibu, nyaya za ndani ni nyembamba kama unywele na zimelehemiwa moja kwa moja kwenye spika, ukivuta tu umeshaharibu ushahidi wako na hedifoni pia. Tukafungua yangu, halafu jamaa kwa moyo mgumu akakubali tufungue yake.

Nilichokuwa nategemea ni hiki: orijino itakuwa na lebo nzuri yenye jina la kampuni nyuma ya spika, kopi haitakuwa na kitu. Ikawa kinyume kabisa. Nyuma ya spika yangu kulikuwa na stika ya fedha inayong'aa, logo kubwa, imeandikwa ukubwa milimita 40 na maneno ya kujisifu. Nyuma ya spika ya jamaa hakukuwa na jina la mtu yeyote. Kulikuwa na msimbo wa herufi na tarakimu uliogongwa kwa wino hafifu, na tone la rangi nyekundu pembeni ya nukta moja ya lehemu. Basi.

Ukifikiria inaeleweka. Lebo ya ndani ya kiwanda halali inamsemesha fundi wa kuunganisha: hii ni bechi ipi, upande wa chanya ni upi usije ukageuza waya ukawa spika moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta. Mteja hatarajiwi kufika pale, sasa logo ya kazi gani? Mkopi yeye anajua watu siku hizi wanafungua na kupiga picha, kwa hiyo lebo yake inamsemesha mteja. Sisemi kila stika yenye jina ndani ni feki, kuna kampuni zinaweka. Ila lebo ya ndani inayotangaza biashara na haina msimbo wa bechi wala alama ya chanya, mimi naihesabu kuwa ni upande wa mashtaka.

Kilichonihakikishia zaidi ya lebo ni vitu vilivyozunguka spika. Nyuma ya spika kuna matundu madogo ya hewa, na kwenye orijino yalifunikwa na karatasi maalumu ya duara iliyokatwa sawasawa na kubandikwa bila tone kuzidi, maana ile karatasi ndo inayoamua hewa ipite kwa kasi gani na besi itoke vipi. Kwangu matundu yalikuwa wazi, na ndani ya kikombe kulikuwa kumesukumwa kipande cha pamba. Gundi ilikuwa ile ya moto ya kuyeyusha, imemwagika na nyuzi zake kama utando wa buibui. Lehemu ilikuwa na uchafu wa kahawia umebaki pembeni. Na plastiki ya kikombe chake kwa ndani ilikuwa na maandishi madogo ya `>ABS<`, ile alama ya kutaja aina ya plastiki, yangu ilikuwa laini tupu, na mbavu za kuimarisha zilikuwa tatu badala ya tano. Mbavu siyo kitu cha kubadilika kwa bahati mbaya, zinatokana na kalibu la chuma, na kalibu tofauti maana yake mtu mwingine ndiye aliyelichonga, au kampuni imebadilisha kalibu. Kwa hiyo hata hapo usiseme feki kwa tofauti ya mbavu peke yake kama picha unayolinganisha nayo ni ya toleo la zamani.

Kuhusu picha za ndani za mtandaoni nina kisa kimoja kinachonifanya niwe mwangalifu. Mwaka 2015 mhandisi wa kampuni moja iitwayo Bolt alifungua hedifoni za Beats akaandika uchambuzi wa vilivyomo ndani, pamoja na vipande vya chuma alivyosema vimewekwa kuongeza uzito. Ule uchambuzi ulisambaa dunia nzima. Baadaye ikaja kugundulika kwamba zile alizofungua zilikuwa feki, akalazimika kutafuta nyingine na kufungua upya. Huyo ni mhandisi, anajua viwanda. Sasa wewe unayelinganisha picha ya ndani ya hedifoni zako na picha uliyoikuta mahali, jiulize kwanza nani aliyehakikisha kwamba ile ya pichani ni halali. Ndo maana za jamaa zilikuwa na thamani kwangu kuliko picha mia, kwa sababu ya ile risiti.

Mwisho tukachukua mita ya umeme. Karatasi ya maelezo inasema ukinzani ni omu 64. Unaweka mita kwenye omu, ncha moja kwenye kitako cha jeki, nyingine kwenye ncha ya mbele kabisa, hiyo ni kushoto, halafu unaihamishia kwenye pete ya katikati, hiyo ni kulia. Utasikia hedifoni inafanya "tk" kila ukigusa, ni kawaida. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili ya spika tu na siyo ule unaoandikwa kwenye boksi, kwa hiyo inasoma chini kidogo. Za jamaa zilisoma 60.8 na 61.1. Zangu 31.4 na 33.9. Hizo ni spika za kawaida za omu 32, na pande mbili hazikutoka hata bechi moja. Angalia tu uwe umesoma toleo lako vizuri, maana kuna modeli kama DT 770 Pro ya Beyerdynamic inayouzwa ikiwa na omu 32, 80 na 250 kwenye umbo lile lile. Na kama ni za blututhi mita haikusaidii, kati ya jeki na spika kuna sakiti.

Picha ya mita na ya lebo ndo zilimfanya muuzaji ajibu. Alirudisha nusu ya hela, akasema nusu nyingine hairudi kwa sababu nimefungua. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimefungua kweli.

Jamaa naye siku ile alipofunga zake aliangalia zile padi zake za mtaani kwa muda, uzi unaning'inia, sindano zimeachana. Nikamwambia nimtafutie za kiwandani. Akasema hapana, hizi zina sponji nene zaidi, masikio yake hayaumi.